Umeapdeti, chaji haikai: kipi kweli, kipi uzushi

Apdeti kubwa ikitoka tu, ukipita kwa mafundi simu wa Majengo hapa Dodoma maneno ni yaleyale, eti kampuni zinaua simu za zamani makusudi ili tununue mpya, na apdeti ndo imekula betri.

Tuanze na hilo la betri. Apdeti haichakazi betri kwa usiku mmoja. Kinachotokea ni kwamba mfumo ukibadilika, Android inabidi iziandae upya apu zako zote, maana maandalizi yaliyokuwepo yalikuwa ya mfumo wa zamani, na iPhone nayo inapitia upya picha na mafaili ili uweze kuyatafuta. Prosesa inapiga kazi, simu inapata moto, chaji inashuka. Sasa wengi hawajui hii: sehemu kubwa ya kazi hiyo Android inaifanya simu ikiwa kwenye chaji na haijashikwa, kwa hiyo wewe unayechaji nusu saa mchana huku unachati unaichelewesha mwenyewe. Ichomeke usiku kucha, iache, siku mbili tatu hivi utaona imetulia.

Ila wanaosema simu zinapunguzwa spidi hawajaota. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba kuanzia iOS 10.2.1 walikuwa wanapunguza spidi ya baadhi ya iPhone zenye betri iliyochoka, na watu walikasirika kwa haki kabisa kwa sababu hawakuambiwa wazi. Betri ikizeeka, prosesa ikivuta umeme mwingi ghafla volti zinaanguka na simu inazima hata kama inaonyesha asilimia 30, ndo wakaibana prosesa isivute sana. Ukiweka betri mpya nzuri spidi inarudi.

Kuna dada anauza vitenge Sabasaba, Android yake ilianza kusumbua baada ya apdeti. Moto uliisha baada ya siku chache, lakini simu ikawa inazima kwenye asilimia 25 kila akifungua kamera. Fundi akataka kuiflashi. Sasa hapo kuflashi kungesaidia nini? Kamera inavuta umeme mwingi kwa mpigo, na kuzima hapohapo ni dalili ya betri kuchoka. Alipobadilisha betri tatizo likaisha, na apdeti ileile bado ipo. Na hiyo betri ilikuwa imeshachoka kitambo, ilikuwa bado haijajulikana tu.

Betri mpya lakini haitibu kila kitu. Simu yenye ramu ya GB 2 inaweza kweli kuwa nzito kwenye mfumo mpya, apu zinajifunga ukihama kidogo tu, na hapo hata ukisubiri wiki haibadiliki. Wengine wanakimbilia kurisiti wakidhani watarudi kwenye mfumo wa zamani. Kurisiti kunafuta vitu vyako tu, mfumo unabaki uleule mpya.