Mkono Uwe Shahidi: Kuhariri Picha Yako Bila Kupoteza Rangi ya Ngozi

Mwanafunzi wangu mmoja wa upigaji picha, mwenyeji wa Wete, alinionesha picha mbili zilizotokana na pigo moja la simu. Alikuwa amejipiga saa kumi alasiri katika kichochoro cha Mji Mkongwe, akiwa mbele ya ukuta uliopakwa chokaa na mkono mmoja ameshika ushungi. Katika picha ya awali uso wake ulikuwa umefifia gizani hata macho yakaonekana kwa taabu. Ile ya pili ilikuwa imepitishwa kwenye filta ya urembo, na uso ukawa mweupe wenye uwaridi, laini kama kaure. Msichana huyu ana rangi ya maji ya kunde, na rangi hiyo haikuwamo katika picha yoyote kati ya hizo mbili. Hata hivyo, mkono wake ulikuwa umebaki vilevile katika zote mbili, na mkono huo ndio uliotuwezesha kuelewa kilichotokea.

Tuanze na giza la picha ya awali, kwa sababu watu wengi hukimbilia filta wakidhani kwamba ngozi yao ndiyo yenye tatizo. Kamera hupima mwanga kwa kukisia kwamba vitu vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa pamoja, vina mwangaza wa kijivu cha wastani, ambacho wapiga picha hukikadiria kuwa kinarudisha asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Ukuta wa chokaa hurudisha mwanga mwingi zaidi ya huo, basi kamera hupunguza mwanga wa picha nzima ili ukuta uwe kijivu, na uso huzama pamoja nao. Baibui jeusi likijaza picha, mambo hugeuka: kamera huongeza mwanga, na uso hutoka mweupe kuliko ulivyo. Simu za siku hizi hujaribu kuutafuta uso na kuupimia wenyewe, lakini ukuta mweupe wenye mwanga mkali bado huzishinda mara nyingi. Picha iliyotoka nyeusi kupita kiasi, kwa hiyo, ni kosa la kipimo cha mwanga, na dawa yake ni kukisahihisha kipimo hicho.

Filta haisahihishi kipimo. Inachofanya ni kuutambua uso, kuuchorea mpaka, kisha ndani ya mpaka huo kuinua mwangaza, kupunguza kina cha rangi na kusawazisha vinyweleo, makovu na madoa. Tulipima shavu la mwanafunzi wangu kwa kifaa cha kuchukua rangi kilichomo katika programu za kuhariri, ambacho hueleza kila rangi kwa kiasi cha nyekundu, kijani na buluu, kuanzia 0 hadi 255. Katika picha ya awali shavu lilikuwa na nyekundu 96, kijani 62 na buluu 46, na mgongo wa mkono ulikaribia hapo hapo. Baada ya filta, shavu lilikuwa na 186, 150 na 136, ilhali mkono haukubadilika. Ukizitazama namba hizo vizuri utaona kwamba halikuwa suala la mwanga tu. Mwanzoni nyekundu ilikuwa zaidi kidogo ya mara mbili ya buluu, na uwiano huo ndio unaoipa ngozi ya kahawia joto lake. Baada ya filta, nyekundu ilikuwa mara moja na theluthi tu ya buluu. Mwanga ukiongezwa kwa haki huzipandisha rangi zote tatu kwa pamoja na uwiano hubaki. Uwiano ukivunjika, ngozi imebadilishwa kuwa ya mtu mwingine.

Ndiyo maana sikubali hoja kwamba filta hizi ni pambo kama wanja au hina. Hina hupakwa juu ya ngozi na huipendezea ngozi ile ile, lakini filta huiondoa ngozi na kuweka makisio ya mtengenezaji kuhusu uso mzuri. Mwaka 2017 watengenezaji wa programu ya FaceApp waliomba radhi baada ya watumiaji kugundua kwamba filta yake iliyodaiwa kuongeza mvuto ilikuwa ikizing'arisha ngozi nyeusi. Walieleza kwamba chanzo kilikuwa picha zilizotumika kuifundisha. Katika visiwa vyetu hasara yake huonekana upesi zaidi katika picha za familia. Ndugu wa baba na mama mmoja, mmoja mweusi, mwingine maji ya kunde, wa tatu kachukua weupe wa bibi yake, wakipitishwa filta moja hutoka wote na rangi moja, na kile ambacho jamaa hukitumia kumtambua mtu na kumtaja amemchukua nani kinafutika. Hata mhusika mwenyewe hupotea: jicho huzoea rangi iliyong'arishwa ndani ya dakika chache, na anapoirudia picha ya awali huiona kuwa ina kasoro. Ninaamini hapo ndipo wengine wanapoanza kuulizia mkorogo.

Tulirudi na mwanafunzi wangu katika kichochoro kile kile. Kwanza tulifungua mipangilio ya kamera ya mbele na kushusha kitelezi cha urembo hadi 0, kwa kuwa simu nyingi huja nacho kikiwa kimewashwa bila mwenye simu kujua. Kisha alisogea mbele hatua mbili, ukuta ukabaki mbali nyuma yake, akagusa uso wake kwenye kioo cha simu na kuushikilia hadi kipimo kilipofungwa. Katika baadhi ya simu hutokea maandishi `AE/AF LOCK`. Safari hii shavu lilisoma 128, 84 na 62. Uso ulikuwa umepata mwanga wa kutosha, na nyekundu ilikuwa bado zaidi kidogo ya mara mbili ya buluu. Ukuta ulipauka kidogo, na hilo tulilikubali.

Katika kuhariri tuligusa mambo mawili tu. Kivuli cha kichochoro hupokea mwanga wa anga na huleta ubuluu, hivyo tulisahihisha ulinganifu wa rangi kwa kipande cha karatasi nyeupe ambacho mwanafunzi alikuwa amekishika katika pigo la kwanza la safari hii ya pili. Kisha tuliinua kidogo kitelezi cha `Shadows`, kinachoangaza sehemu zenye giza, kwa picha nzima. Marekebisho ya picha nzima huuchukua uso na mkono kwa pamoja. Marekebisho ya uso peke yake, au kuinua mwangaza wa rangi ya chungwa ambayo ndiyo ilipo ngozi ya binadamu, ni kung'arisha kwa jina jingine. Shahidi wetu alikuwa mgongo wa mkono, kwa sababu kiganja ni cheupe zaidi kwa kila mtu mweusi na viungo vya vidole ni vyeusi zaidi. Anayefunika mikono kila siku huenda mikono yake ikawa imepungua weusi kuliko uso ulioungua jua, na huyo na alinganishe shavu na sehemu iliyo mbele ya sikio.

Zima pia hali ya usiku ya kioo cha simu unapohariri, kwani umanjano wake hukufanya uongeze ubuluu bila kukusudia. Ukipeleka picha studio ichapishwe, hasa ya pasipoti, ambayo kanuni za kimataifa hutaka ioneshe ngozi ilivyo, mwambie mchapishaji asiipitishe kwenye marekebisho ya kujiendesha. Kabla ya kulipa, isogeze mlangoni kwenye mwanga wa mchana usio wa jua kali, na uiweke kando ya mgongo wa mkono wako.