Mtu mzima na maji ya kina: anza kwa kutoa pumzi

Watu wazima wengi ninaowafundisha kuogelea huanza kwa kauli ileile: "Mwalimu, mimi pumzi yangu fupi." Nikiwatazama majini naona kinyume chake. Pumzi wanayo tele, ila hawaitoi. Huvuta hewa mpaka mabega yanapanda, huzamisha uso, hujibana kuanzia taya hadi vidole vya miguu, na baada ya sekunde tano huchomoka wakitweta.

Katika sekunde tano oksijeni haiishi mwilini. Hamu ya kupumua huletwa hasa na hewa ukaa inayojikusanya kwenye damu, na hofu huifanya hamu hiyo iwe kali kabla ya wakati wake. Isitoshe, aliyebana pumzi akiinuka ana kazi mbili kwa mpigo: kutoa hewa ya zamani na kuvuta mpya. Muda haumtoshi. Huongeza kidogo juu ya mapafu yaliyojaa, mara nyingi pamoja na maji, kisha huamini kwamba maji yamemshinda.

Kwa hiyo somo la kwanza ni kutoa. Simama kwenye maji ya kifuani, shika ukingo wa bwawa, vuta pumzi ya kawaida, kisha zamisha uso huku ukitoa mvumo kwa kufumba mdomo, kama mtu anayembembeleza mtoto. Mvumo huo husukuma mapovu puani, na maji hayapati njia ya kuingia. Hesabu hadi nne, inuka, fungua mdomo. Hewa itaingia bila kuivuta kwa nguvu. Rudia mara kumi mfululizo. Ukifika ya kumi unahema kuliko ulivyoanza, ujue bado unaizuia hewa ndani.

Hapa nina onyo moja ambalo sichoki kulirudia. Usiheme haraka haraka kabla ya kuzama, wala usishindane na mwenzako nani atakaa chini zaidi. Kuhema kwa nguvu hupunguza hewa ukaa, na hiyo ndiyo kengele ya mwili. Kengele ikichelewa, oksijeni inaweza kupungua hadi mtu akazimia chini ya maji bila dalili yoyote. Na mazoezi haya yote yafanyike mbele ya mwalimu au mwokoaji.

Kuelea chali kunataka pumzi ya namna nyingine, na hapo wengi huchanganyikiwa. Mapafu yaliyojaa ndiyo boya lako. Ukiyamimina yote, utashuka. Basi vuta, kaa nayo kidogo, toa upesi na uvute tena. Masikio yawe ndani ya maji, macho yatazame juu. Ukiinua kichwa kuangalia vidole vya miguu, nyonga zinashuka papo hapo. Miguu ikizama, nyoosha mikono nyuma ya kichwa: boya liko kifuani na uzito mwingi uko chini yake, kwa hiyo mikono ikienda upande wa pili mwili husawazika kama mizani. Kwa watu wembamba wenye misuli, miguu huenda ikashuka hata hivyo. Haina neno, mradi uso uko nje.

Kabla ya kwenda kwenye kina, jifunze kusimama kutoka chali: vuta magoti kifuani, lete kidevu mbele, sukuma maji kwa viganja kutoka nyuma kuja mbele, kisha shusha nyayo. Asiyejua kurudi wima haelei kwa utulivu, kwa sababu akili yake yote iko kwenye sakafu.

Mama mmoja wa makamo alikuwa akielea vizuri kabisa kwenye maji ya kifuani, lakini tukisogea pasipo na chini alikuwa akikakamaa. Nilimweleza kwamba maji hubeba mwili kwa nguvu ileile, yawe na kina cha mita moja na nusu au mita tano. Alinisikiliza, ila mkono haukuachia ukingo. Nikaacha maneno. Nilimwambia avute pumzi, aizuie kidogo, kisha aachie akiwa wima, mikono imetulia ubavuni, nami niko karibu naye kiasi cha kumshika. Alishuka polepole, maji yakafika kidevuni, puani, kwenye nyusi, na hapo yakakoma. Alibaki ananing'inia, hazami wala hapandi. Nilipomgusa bega, ishara tuliyokubaliana, alilaza kichwa nyuma na mdomo ukatoka nje. Akatoa hewa, akavuta. Alirudia mara tano akiwa na mkono mmoja karibu na ukingo, na mara ya sita niliona vidole vyake, vilivyokuwa vimekunjwa ngumi tangu asubuhi, vimefunguka juu ya maji.