Baba akikupa kiwanja bure, TRA wanaisomaje hiyo "bure"?

Swali hili linarudi kila tukikaa na watu kwenye dawati letu la msaada wa kisheria hapa Arusha, hasa Desemba wakati watu wamepanda kutoka Dar kuja kula sikukuu na mzee akiwa na furaha anawagawia watoto viwanja. Mtu anakuja Januari anasema, mama, sisi hatujauziana, baba amenipa tu, kodi ya nini tena?

Jibu fupi ni kwamba zawadi nayo inaweza kudaiwa kodi. Sheria ya Kodi ya Mapato haiangalii kama kuna hela imepita mkononi, inaangalia kama umiliki umehama. Ukimhamishia mali mtu wako wa karibu, na mtoto ni wa karibu kuliko wote, au ukimpa mtu yeyote bure, sheria inakuchukulia kana kwamba umepokea bei ya soko ya siku hiyo. Kwa hiyo mzee ambaye hajapokea hata shilingi, kwenye karatasi anaonekana ameuza. Na anayedaiwa ni yeye mtoaji, siyo mtoto, ingawa mara nyingi mtoto ndiye anayeenda kulipa maana ndiye mwenye haraka ya hati.

Kodi yenyewe ni ile ya ongezeko la mtaji, wengi mnaiita kapito geini. Kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida, kwa asiye mkazi kiwango ni kikubwa zaidi. Naomba tushike hilo neno faida, maana watu wanachanganya wanadhani ni asilimia 10 ya thamani yote ya kiwanja wanakata tamaa kabla hata ya kupiga hesabu.

Tuchukue mfano wa kutunga. Baba Neema alinunua kiwanja Njiro mwaka 2009 kwa milioni 12, mkataba anao. Baadaye akajenga ukuta na kuchimba kisima kwa milioni 8, risiti zimo kwenye bahasha kabatini. Leo anataka kumpa Neema, mthamini anasema kiwanja kina thamani ya milioni 80. Unatoa gharama zake, yani milioni 12 na milioni 8, inabaki faida ya milioni 60, asilimia 10 yake ni milioni 6. Juu yake kuna ushuru wa stempu kwenye hati ya zawadi, karibu asilimia 1 ya thamani, kwa hapa kama laki nane, na hati inatakiwa igongwe stempu ndani ya siku 30 tangu isainiwe. Bado hujamlipa mthamini, wakili na ada za ardhi. Ndiyo maana nawaambia watu wasitangaze zawadi mbele ya ukoo kabla hawajajua nani anabeba hizo gharama.

Ile bahasha ya risiti sasa. Bila risiti za kisima na ukuta, faida ingesomeka milioni 68, kodi inapanda. Kwa mkazi ambaye kweli hana kumbukumbu zozote za gharama kuna njia nyingine, analipa asilimia 3 ya thamani iliyoidhinishwa au ya bei, ile iliyo kubwa. Najua mshaanza kupiga hesabu, asilimia 3 ya milioni 80 ni milioni 2 na laki 4, mbona nafuu! Ni kweli, na mimi mwenyewe naona hapo sheria imekaa vibaya kidogo kwa mtu aliyetunza makaratasi, ila njia hiyo imewekwa kwa asiye na kumbukumbu, na mzee mwenye mkataba wa mauziano kwenye faili la ardhi akisema hana kitu anasaini uongo.

Neema naye ana faida yake ambayo watu hawaioni. Hiyo milioni 80 inakuwa ndiyo gharama yake ya kupata kiwanja. Akiuza baada ya miaka mitano kwa milioni 95, faida yake inaanzia 80, siyo ile 12 ya baba. Kwa hiyo karatasi za zawadi na za malipo ya TRA azifungie.

Upande wa Moshi swali huwa ni la kihamba, lile shamba la ukoo. Ardhi ya mtu binafsi yenye thamani ya soko chini ya milioni 10, ambayo imetumika kwa kilimo angalau miaka miwili kati ya mitatu iliyopita, haiingii kwenye kodi hii. Migomba na kahawa vikiwepo hapo tumeshavuka sharti la kilimo, kinachosumbua ni hiyo milioni 10, maana kihamba kilicho karibu na barabara ya lami kinaweza kuipita bila hata nyumba juu yake. Na nyumba ambayo mzee ameimiliki na kuishi kwa miaka mitatu au zaidi ina nafuu yake, faida isipozidi milioni 15 haitozwi.

Ujanja tunaokutana nao sana ni kuandika mauziano ya uongo, baba "amemuuzia" mwanae kwa milioni 5. Haisaidii, makadirio yanafuata thamani iliyoidhinishwa na mthamini wa serikali, na msajili wa hati hahamishi jina bila uthibitisho wa TRA kwamba kodi imelipwa au haipo. Halafu siku mzee hayupo, ndugu wengine wanakuja na huo mkataba wanauliza hela ya mauzo ilienda wapi. Kingine ni mama kusahaulika, kama ni nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mume kuitoa hata kwa zawadi bila ridhaa ya mke, na kinyume chake.

Wengine wakishasikia haya wanasema basi tusubiri mirathi. Tanzania haina kodi ya urithi, hakuna asilimia inayokatwa kwa sababu tu mtu amefariki, na mtoto halipi kodi ya mapato kwa kupokea fungu lake. Ila msimamizi wa mirathi anabeba madeni ya marehemu yakiwemo ya TRA, na anatakiwa kuyalipa kabla ya kugawa. Kama kuna fremu zinapangishwa pale sokoni, pango linaendelea kuwa kipato chenye kodi hata kama ndugu bado wanabishana. Na msimamizi akiuza kiwanja ili wagawane hela, hayo ni mauzo kama mengine, kodi ya faida inahesabiwa kwanza, kinachobaki ndicho cha kugawa. Tumeona familia zimegawana hela yote, halafu mnunuzi anakwama kuhamisha hati, kila mtu anamtazama msimamizi.

Pia fahamuni kwamba zawadi ya mdomo, au barua iliyosainiwa ikawekwa kwenye sanduku bila jina kuhamishwa, kwa kiwanja chenye hati ni rahisi kurudi kwenye kapu la mirathi. Hapo Neema anagawana na wenzake kile alichoambiwa ni chake. Kwa Mahakama ya Mwanzo msimamizi ana miezi minne tangu ateuliwe kupeleka orodha ya mali kwenye Fomu V na hesabu za mgawanyo kwenye Fomu VI, muda unaweza kuongezwa na mahakama, na kiwanja cha Njiro kikiwa bado kina jina la baba kitaandikwa humo.