Nyumbu wa Serengeti na mstari uliogoma kupanda

Kila mwaka nawagawia wanafunzi grafu ileile bila maelezo. Mstari unaanzia chini kushoto, unapanda miaka kumi na sita, halafu unalala. Swali langu ni moja tu: huko juu, pale ulipolala, kunatokea nini? Mwaka jana kijana mmoja wa viti vya mbele alinijibu hata sijamaliza kuuliza: "Wameacha kuzaa, mwalimu." Darasa zima likaitikia.

Grafu ni ya nyumbu wa Serengeti. Huko juu wanazaliwa ndama takribani nusu milioni kwa mwaka, wengi wao ndani ya majuma matatu hivi ya mwezi Februari, kwenye nyika za nyasi fupi za kusini. Hakuna sehemu nyingine ya mstari ule yenye uzazi mwingi kiasi hicho. Umelala kwa sababu karibu idadi hiyohiyo wanakufa kabla mwaka haujazunguka. Aliyeuona mstari bapa akadhani ni utulivu amesoma tofauti ya uzazi na vifo tu, hakusoma pande zake mbili.

Nianzie walikoanzia. Sotoka, ugonjwa wa virusi wa ng'ombe na jamaa zao wa porini, iliingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikafagia ng'ombe, nyati na nyumbu pamoja. Baada ya pigo lile la kwanza haikuondoka. Ilikaa kwenye mifugo, na kila mwaka ikaua nyumbu wachanga waliokwisha kuishiwa kinga waliyopewa na mama zao. Kilichowaokoa nyumbu ni chanjo ambayo wao wenyewe hawakuchomwa. Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo bora kule Muguga, karibu na Nairobi, na ng'ombe wanaoizunguka Serengeti wakachanjwa. Kufikia 1963 ugonjwa ulikuwa umetoweka kwa nyumbu. Pundamilia, ambao sotoka haikuwagusa, hawakuongezeka katika miaka ile. Nyati waliongezeka. Ukitaka ushahidi kwamba ni sotoka iliyokuwa imewakandamiza nyumbu, na si kitu kingine, tofauti hiyo inatosha.

Sasa namba. Naanzia 1961, nyumbu wapatao 263,000. Ipo hesabu ya Bernhard na Michael Grzimek ya 1958 iliyotoa pungufu kidogo ya 100,000, na kila mwaka kuna mwanafunzi anayetaka kuibandika kwenye grafu ili mstari upendeze. Namwambia apige hesabu kwanza. Kutoka hapo hadi 1961 ni ongezeko la karibu asilimia 38 kwa mwaka, kwa mnyama ambaye jike wake huzaa ndama mmoja tu. Labda asife hata mmoja! Hesabu ya 1958 ilikosa wanyama wengi, basi. Baadaye njia ikawa kuruka kwa ndege juu ya nyika wakati kundi limekusanyika, kamera ikielekea chini, kisha kuhesabu wanyama kwenye picha na kukadiria eneo lililobaki. Hata hapo kila nukta ina kosa lake, kwa hiyo usijenge hoja juu ya nukta mbili zilizokaribiana.

1965 walikuwa 439,000. 1971 wakawa 693,000. 1977 wakafika milioni 1.44. Toka mwanzo hadi hapo ni wastani wa asilimia 11 kwa mwaka, yaani idadi ilikuwa ikijirudia maradufu kila baada ya miaka sita na nusu hivi. Hili ndilo ongezeko la kuzidishana. Wanyama wanaoongezeka kila mwaka ni wengi kuliko wa mwaka uliotangulia kwa sababu wazazi wamekuwa wengi, wakati kasi kwa kila mnyama haijabadilika. Namna ya kulithibitisha ni kuchora upya kwa kipimo cha logi, ambapo kila hatua ya kupanda ni kuzidisha kwa kiasi kilekile. Likiwa la kuzidishana kweli, ule mkunjo unanyooka na kuwa mstari. Wa nyumbu unanyooka vizuri kiasi, wenye kigongo kimoja katikati nitakachokirudia.

Baada ya 1977 kupanda kukakoma. 1978 wanahesabiwa milioni 1.25, 1982 milioni 1.21, 1984 milioni 1.34, 1991 milioni 1.22. Mstari unachezacheza hapohapo.

Kitabu cha darasani kina fomula ya umbo hili:

```
dN/dt = r*N*(1 - N/K)
```

Upande wa kushoto, dN/dt, ni ongezeko la wanyama kwa mwaka. N ni idadi ya wanyama, r ni kasi ya kila mnyama pasipo kubanana, na K ni uwezo wa mazingira kuhimili. Mabano ndiyo breki. N ikiwa ndogo mabano ni karibu 1 na breki haisikiki. N ikifika K mabano ni sifuri. Ongezeko la mwaka huwa kubwa kuliko yote idadi ikiwa nusu ya K.

Wengi hukariri hapo wakaishia hapo. Mimi napenda kuipa fomula nyumbu halisi nione itawafanyaje. Naweka K milioni 1.3. Kati ya 1961 na 1965 waliongezeka takribani 44,000 kwa mwaka, idadi ya katikati ikiwa 351,000. Nikiweka r ya 0.17, fomula inanipa karibu 43,600. Safi kabisa. Basi kwa r hiyo, ongezeko kubwa kuliko yote lingetokea wakiwa 650,000, na lingekuwa kama 55,000 kwa mwaka. Baada ya hapo ingebidi lipungue polepole.

Lakini tazama 1971 hadi 1977. Kutoka 693,000 hadi milioni 1.44 ni wanyama 124,000 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya kile ambacho fomula inakiruhusu mahali popote pale. Na hayo yalitokea kipindi ambacho breki ilipaswa kuwa imeshakanyagwa. Kile kigongo kwenye kipimo cha logi kinasema hivyohivyo: kasi ilikuwa inalegea kati ya 1965 na 1971, halafu ikachangamka upya.

Jibu lake ni mvua. Kuanzia 1971 hadi katikati ya muongo ule, Serengeti ilipata mvua za kiangazi zaidi ya kawaida. Sizungumzii masika. Masika kuna nyasi za kumtosha kila mtu na mjomba wake. Kiangazi nyumbu hukimbilia kaskazini na magharibi, kwenye nyasi ndefu zilizokauka, na kinachoamua nani atauona mwaka mpya ni yale majani mabichi machache yanayochipua mvua ya siku moja ikipita. Mvua za kiangazi zilipozidi, K yenyewe ilisogea juu huku wanyama wakiifuata. Ziliporudi kuwa za kawaida, mstari ukagonga dari kwa ghafla. Ndiyo maana grafu ya nyumbu ina goti pale 1977, haina lile bega la mviringo linalochorwa ubaoni.

Kwa hiyo mtu akiniuliza uwezo wa Serengeti kuhimili ni nyumbu wangapi, namuuliza ni Serengeti ya miaka ipi. K haikuzikwa kwenye udongo ikisubiri kuchimbuliwa. Ni idadi ambayo vifo na uzazi vinalingana kwa kiasi fulani cha chakula, katika msimu ule mbaya kuliko yote.

Na tunajuaje kwamba ni chakula? Simba wapo, fisi wapo, majangili wapo. Hapa ndipo mfupa unaposema. Mara yangu ya kwanza ilikuwa mwezi Septemba, mzoga umelala kando ya korongo, na mwenzangu aliyenizidi uzoefu akaupasua mfupa wa paja kwa shoka. Nilitegemea uboho mweupe, mgumu kama samli iliyoganda, ule tunaougombania kwenye supu. Kilichotoka kilikuwa rojorojo lenye rangi ya waridi, lililopenya mwanga, likateleza kwenye kiganja changu kama uji wa mhogo. Uboho ndiyo akiba ya mwisho. Mnyama humaliza kwanza mafuta ya mgongo, kisha ya kwenye figo, na akishaanza kula uboho wake amefika mwisho wa ghala. Hata kama ameuawa na fisi, fisi alimkuta anaondoka.

Simon Mduma na wenzake walifanya kazi hiyo kwa utaratibu, wakachapisha mwaka 1999 pamoja na rekodi ya miaka arobaini ya nyumbu hawa. Karibu robo tatu ya vifo walivyovichunguza vilitokana na lishe duni. Idadi inapopanda, nyasi mbichi za kiangazi kwa kila mdomo hupungua, na nyumbu wakubwa ndio huanza kufa kwa wingi zaidi kiangazi. Hiyo ndiyo ile breki ya kwenye mabano, ukiitazama kwa karibu.

Mwaka 1993 mvua zilikataa. Hesabu ya 1994 ilitoa 917,000, pungufu kwa robo ya wale wa 1991. Aliyeamini kwamba K ni milioni 1.3 milele angesema nyumbu wameshuka chini ya uwezo, kwa hiyo wana nafasi tele. Wakati ule hawakuwa na nafasi yoyote. Dari lilikuwa limeshuka nao, na lilipopanda tena wakarudi kwenye milioni 1.2 hadi 1.3.

Niliwahi kuieleza grafu hii kwenye mkutano wa kijiji kimoja cha wafugaji, mada ikiwa ni idadi ya ng'ombe kwenye malisho. Nikafika kwenye dari, nikasema hapa ndipo ardhi inapohimili. Mzee mmoja akanyoosha fimbo.

"Mwanangu, hao nyumbu wa huko juu kwenye karatasi yako, wananenepa?"

"Hapana mzee. Wamekonda."

"Na mimi nikijaza ng'ombe mpaka hapo, nitauza nini?"

Nilikuwa nimechanganya vitu viwili vyenye jina moja. K ya mwanaikolojia ni pale wanyama wanapokuwa wengi kadiri inavyowezekana, kila mmoja akiwa kwenye ukingo wa njaa kiangazi kikifika. Uwezo wa malisho anaouzungumzia bwana mifugo ni idadi ambayo ng'ombe ananenepa, anatoa maziwa, na nyasi zinabaki na mizizi, na kwa vyovyote iko chini sana ya K. Katika fomula, ndama wengi zaidi wa kuvuna kila mwaka hupatikana karibu na nusu ya K, siyo juu. Nilirudi kwenye karatasi, nikachora mstari wa pili chini ya ule wa kwanza, nikamwuliza mzee kama ningeuweka hapo. Akaniambia niushushe kidogo, kwa sababu mwaka ule vuli haikunyesha.