Wali uliolala nje hauokolewi na moto

Nimefanya kazi ya usafi wa chakula hapa Lamu kwa miaka mingi, na kisa ninachokieleza mara nyingi kuliko vyote ni cha nyumba moja mtaa wa Langoni. Niliitwa saa tatu unusu asubuhi. Watoto wanne na mama yao walikuwa wanatapika. Hakuna aliyekuwa na homa, wala hakuna aliyeharisha.

Siku iliyotangulia walitarajia wageni kutoka Pate, bahari ikachafuka, wageni wasifike. Wali wa nazi wa kilo 3 za mchele ulikuwa umeshaiva saa sita mchana. Uliobaki, karibu sufuria nzima, ukafunikwa na kuachwa jikoni hadi alfajiri. Asubuhi wakaukaanga mwiku kwa vitunguu, wakala saa moja. Kabla ya saa tatu wakaanza kutapika.

"Lakini mwanangu, nimeukaanga mpaka ukawa unaruka," bibi wa nyumba akaniambia. "Moto umeingia kotekote."

Nilimwamini. Bibi hakukosea pale jikoni asubuhi. Wali ulikuwa umeharibika usiku, wakati wote wamelala.

Mchele hutoka shambani na bakteria wa udongoni, Bacillus cereus. Akiona mambo magumu, bakteria huyu hujifungia kama mbegu kavu, na mbegu hiyo haifi kwa maji yanayochemka. Kuosha mchele mara tatu hakuiondoi yote. Wali ukiiva mbegu zimo, zimelala, na hazimdhuru mtu. Wali ukipoa na kubaki vuguvugu, mbegu huamka, huzaana, na huacha sumu ndani ya wali wenyewe. Sumu hiyo ndiyo inayotapisha, kwa kawaida kati ya nusu saa na saa 6 baada ya kula. Na haivunjwi na moto wa nyumbani: imepimwa kwenye nyuzi joto 121 kwa dakika 90 na bado ikabaki na nguvu. Kikaango cha bibi huyo kiliua bakteria, sumu ikabaki palepale. Haina harufu, haina ladha. Wali uliochacha au kuanza kuteleza utautupa mwenyewe kwa pua, lakini huu ulikuwa unanukia nazi.

Bibi aliuliza swali zuri: mbona ulikuwa jikoni penye upepo, usipoe? Basi nikapika sufuria ya kiasi kilekile na kuchomeka kipimajoto katikati. Saa sita mchana ulikuwa nyuzi 96. Saa kumi na moja jioni bado ulikuwa karibu na 60. Saa mbili usiku, 46. Alfajiri, 33. Kwa chakula, eneo la hatari ni kati ya nyuzi 5 na 60, na bakteria hawa hustawi hasa pale mkono unaposema "vuguvugu". Kwa hiyo katikati ya sufuria ile palikuwa ndani ya eneo hilo kwa karibu saa 12. Na hapa kwetu, jikoni penye nyuzi 28 au 30, chakula kilichoachwa nje hakiwezi kushuka chini ya hapo hata kikikaa siku mbili. Upepo wa Lamu hukipoza kufikia joto la Lamu tu.

Dawa ni kina. Joto la katikati lina safari ya kutoka nje, na ukipunguza kina kwa nusu, muda wa safari hiyo hupungua kufikia kama robo. Wali uleule nilioutandaza kwenye masinia, unene wa vidole viwili, chini ya feni, ulifika nyuzi 36 kwa dakika 40. Nilitumia kawa kuufunika nzi wasitue, kwa kuwa ukindu hupitisha mvuke. Ukifunika kwa kifuniko cha chuma, mvuke hurudi juu ya wali kama matone na joto hubaki ndani. Kisha tia friji, kwenye vyombo vifupi vilivyoachiana nafasi. Wali uingie friji ndani ya saa moja baada ya kuepuliwa motoni, mbili zikiwa nyingi. Usingoje uwe baridi kabisa. Sufuria nzima ya moto ndiyo isiyofaa friji, maana hupasha maziwa na samaki walio pembeni huku yenyewe ikibaki moto katikati.

Mchuzi una adui mwingine. Katikati ya sufuria ya mchuzi wa nyama au kuku hamna hewa, na hapo hustawi Clostridium perfringens, ambaye naye hulala kama mbegu wakati wa kupika. Kwenye nyuzi 43 hadi 47 anaweza kuongezeka maradufu kwa dakika kama 10. Huyu haleti kutapika sana. Ni msokoto wa tumbo na kuharisha, baada ya saa 6 hadi 24. Tofauti yake na yule wa wali ni kubwa: huyu hutengeneza sumu akishaingia tumboni akiwa hai. Kwa hiyo mchuzi uliopoa vibaya kidogo ukichemshwa sawasawa hatari hupungua, lakini wali haupati msamaha huo.

Mchuzi hautandazwi sinia, basi poza kwa maji. Weka sufuria kwenye beseni la maji ya kawaida, koroga kwa upawa, badilisha maji yakipata moto. Baada ya mara mbili au tatu utakuwa vuguvugu, ndipo utie barafu kwenye beseni, kama kilo moja kwa lita 4 za mchuzi. Ukianza na barafu mchuzi ukiwa wa moto, barafu yote itaisha kwa kazi ambayo maji yangeifanya. Maji hayo, kwa jinsi yalivyo adimu mjini, yanaosha vyombo baadaye.

Kwenye kupasha, kosa ninaloliona zaidi ni kuogopa tui kukatika. Watu huondoa mchuzi wa nazi motoni ukianza tu kutoa moshi. Acha utokote, koroga upande mmoja, na uwe unatokota katikati, si pembeni tu, kwa dakika chache. Tui likikatika kidogo ni sura tu. Wali unyunyizie maji, ufunike, uugeuze mpaka utoe mvuke kotekote. Pasha kiasi cha kuliwa pale pale. Kilichopashwa hakirudi friji. Wali mimi hula ndani ya siku moja, mchuzi ndani ya siku mbili.

Hotipoti nayo inapaswa kueleweka. Kazi yake ni kushikilia moto kwa saa chache. Wali uliotiwa mchana ukifunguliwa usiku na usikuchome ulimi, umekuwa kwenye vuguvugu kwa muda usioujua, na huo nautupa. Asiye na friji apike wa kwisha, au aubakishe juu ya makaa madogo uwe wa moto kweli, zaidi ya nyuzi 60, hadi chakula cha usiku, na kilichobaki hapo kiende kwa kuku.

Stima ikipotea, usifungue friji. Ikiwa imefungwa hushika baridi kama saa 4. Nyumba ile ya Langoni sasa wana kipimajoto kidogo ndani ya gilasi ya maji kwenye rafu ya katikati. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi wanatazama hiyo gilasi kwanza, na ikiwa imepita nyuzi 5 nao hawajui tangu lini, wali haupashwi.