Misuko, Ribu na Intasia: Dhana Potofu Kuhusu Ufumaji wa Masweta

Dhana: Sweta lenye mistari ya wima iliyoinuka limefumwa kwa misuko.

Ukweli: Mistari ya ribu nayo huinuka, kwa kuwa nguzo za vitanzi vinavyotazama mbele hupishana na nguzo za vitanzi vinavyotazama nyuma, ila kila nguzo hubaki mahali pake. Katika msuko, mfumaji huweka vitanzi kadhaa pembeni kwenye sindano fupi, hufuma kwanza vitanzi jirani, kisha hurudia vile vilivyosubiri, na hapo kundi moja hupita juu ya lingine. Fuata nguzo moja kwa kidole kutoka pindoni: ikipanda moja kwa moja ni ribu, ikimpanda jirani yake au kupita chini yake ni msuko. Ukivuta kitambaa kwa upana, ribu hufunguka na kujirudi, ilhali msuko hukaza pale vitanzi vinapovukana.

Dhana: Sweta lenye umbo la rangi ni intasia.

Ukweli: Upande wa mbele pekee hautoshi kutoa hukumu, kwa hiyo ligeuze. Katika intasia kila eneo la rangi lina uzi wake, nao huzungushwa kwenye uzi jirani mpakani ili pasibaki tundu. Nyuma ya eneo lenyewe hakuna uzi wa rangi nyingine unaopita. Ukiona nyuzi zimelala huru kutoka rangi moja hadi nyingine, hiyo ni kazi ya kubeba nyuzi, na kitambaa chake huwa kinene zaidi. Tahadhari moja: mistari myembamba ya mshazari juu ya almasi za rangi mara nyingi hutariziwa baada ya kufuma, hata kama almasi zenyewe ni intasia halisi.

Dhana: Geji kubwa ina maana ya sweta zito.

Ukweli: Ni kinyume chake. Geji ya mashine huhesabu sindano katika inchi moja, na ya mkono huhesabu vitanzi katika sentimita 10, hivyo namba inapopanda vitanzi huwa vidogo. Chukua msuko wa vitanzi 12. Kwa geji ya vitanzi 16, vitanzi hivyo huchukua sentimita 7.5 kabla ya kuvukana; kwa geji ya 30, huchukua sentimita 4. Mchoro ni uleule, lakini wa kwanza hutawala kifua kizima na wa pili huonekana kama urembo mwembamba. Katika intasia, mpaka wa mshazari huonekana wenye ngazi kwenye geji ndogo na hulainika kwenye geji kubwa. Ribu nyembamba sana nayo, ukiitazama kwa mbali, hudanganya macho kuwa ni kitambaa cha kawaida mpaka uivute.

Usihesabu geji juu ya msuko wala kwenye ribu ya pindo, kwani vyote viwili hubana kitambaa na kukupa namba kubwa kuliko ilivyo. Hesabu kwenye sehemu tambarare iliyolazwa bila kuvutwa.