Mgeni wa Saa Nane Usiku: Maswali ya Kaunta na Maswali ya Asubuhi

Kwa miaka mingi nimesimamia mapokezi ya hoteli hapa Nairobi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo nimeifanya usiku, wakati ndege nyingi za kutoka nje zinapotua Uwanja wa Jomo Kenyatta na wageni kuanza kuingia mmoja mmoja wakiwa hoi. Mhudumu mpya hukabidhiwa orodha ndefu ya maswali ya kumwuliza mgeni, naye hujitahidi kuyauliza yote, tena kwa tabasamu, akidhani kwamba tabasamu litafidia urefu wa orodha. Halifidii. Mgeni ambaye amekesha njiani hupima ukarimu wetu kwa muda anaosimama mbele ya kaunta na kwa idadi ya mambo anayolazimika kuyafikiria akiwa amesimama pale.

Kwa hiyo mimi huwaomba wahudumu wangu wayagawe maswali kwa namna moja tu: lipi linaweza kujibiwa na mgeni peke yake, tena usiku huu? Kwa kawaida hubaki matatu, yaani kitambulisho au pasipoti, njia ya kulipa, na uthibitisho wa siku ya kuondoka. Jina, namba ya simu, aina ya chumba na bei vimo tayari kwenye kompyuta tangu nafasi ilipowekwa, na kumwuliza mtu mambo aliyokwisha kutuandikia ni kumwambia kwamba hatukuyasoma.

Kazi yenyewe huanza langoni. Katika hoteli nyingi za jiji hili, askari hupitisha kioo chini ya gari, hufungua buti, kisha mizigo hupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi mlangoni, na ingawa hakuna anayelalamika sana, hicho ni kituo kingine tena kwa mtu aliyetoka kwenye foleni za uwanja wa ndege. Dakika hizo chache zikitumiwa vizuri huwa faida kwetu. Askari akiuliza jina na kulitaja kwa redio ya mkononi, mhudumu hufungua ukurasa wa mgeni, huchapisha fomu ya usajili ikiwa imejazwa yale tunayoyajua, na huhakikisha kwamba chumba kimesafishwa na kukaguliwa. Mgeni akifika kaunta, mhudumu awe amesimama, macho yakiwa kwake wala si kwenye kioo cha kompyuta.

Nieleze usiku mmoja wa namna hii. Mama mmoja wa makamo, mfanyabiashara wa Mombasa, alikuwa akirudi kutoka China kupitia Addis Ababa, na ndege iliyopaswa kumfikisha Jumanne jioni ilichelewa, akafika kwetu saa nane na nusu usiku. Kijana aliyekuwa zamu alimwamkia, "Shikamoo mama, pole sana na safari. Karibu, chumba chako kiko tayari." Mama akaitikia, "Marahaba mwanangu, ahsante," na nikaona mabega yake yakilegea. Taarifa kwamba chumba kiko tayari ndiyo iliyomtuliza, kwa maana kila mgeni aliyechelewa huwa na hofu moja anayoificha, kwamba huenda chumba chake kimepewa mtu mwingine. Kijana hakumwuliza safari ilikuwaje, na alifanya vyema, kwa sababu swali hilo humdai mchovu hadithi nzima.

Hofu ya mgeni ina msingi wake. Siku ya hoteli haiishi saa sita kamili; huisha pale mkaguzi wa hesabu za usiku anapoifunga kwenye mfumo, mara nyingi baina ya saa saba na saa tisa. Wakati wa kuifunga, mgeni aliyetarajiwa ambaye hajafika huweza kuandikwa kuwa hakuja, nafasi yake ikafutwa na chumba kikarudi sokoni. Ndiyo maana mkaguzi wetu hafungi siku kabla ya kutazama, kwa kila aliyesalia kwenye orodha, kama ndege yake imetua. Tena wakati wa kufunga, mfumo huweza kukataa kupokea mgeni kwa dakika kadhaa, kwa hiyo tunachapisha fomu na kutengeneza kadi za milango za wanaotarajiwa mapema. Bila maandalizi hayo, mhudumu hubaki akimwambia mgeni "subiri kidogo, mtandao unasumbua", sentensi ambayo binafsi siipendi hata kidogo.

Mama alitoa kitambulisho, na kijana mwenyewe akanakili namba kwenye fomu, akamwachia sahihi tu. Hapo likaja suala la kuondoka. Kwa desturi tungeuliza, "Utaondoka lini?" naye angejibu "kesho", lakini saa nane usiku kesho ya mgeni na kesho ya kompyuta ni siku mbili tofauti. Mama alikuwa amelipia malazi ya Jumanne na Jumatano, ilhali kalenda ilikwisha kuingia Jumatano na kompyuta ingali Jumanne. Kadi ya mlango ingewekewa mwisho wa Jumatano saa nne asubuhi, angekwenda zake soko la Gikomba na kurejea jioni akakuta mlango umemkatalia. Kijana alisema, "Tumekuandikia hadi Alhamisi, saa nne asubuhi. Ni sawa?" Mama akaitikia kwa kichwa. Tarehe hutamkwa kwa jina la siku na saa, na mgeni hukubali au hukataa.

Malipo ndiyo hula muda. Kwa kadi ya benki, hoteli huzuia kiasi fulani cha fedha kama amana bila kukichukua, na kisipotumika huachiliwa. Kwa M-Pesa, amana huwa malipo kamili, na kuirudisha ni shughuli ya ofisi ya uhasibu, jambo ambalo mgeni anafaa kuelezwa kabla hajaingiza namba ya siri. Simu ya mama ilikuwa imezima, kama simu nyingi zinavyokuwa saa hizo. Tunaweka chaja kaunta kwa ajili hiyo, ila kijana alifanya jambo jepesi zaidi: kwa kuwa malazi yalikwisha lipiwa, aliahirisha amana hadi asubuhi na kufunga kwa muda huduma zinazotozwa kwenye hesabu ya chumba. Uamuzi huo ninauruhusu kwa malazi yaliyolipiwa, na kwa hayo tu.

Namba ya chumba haikutamkwa, kwa sababu kulikuwa na watu wengine ukumbini. Iliandikwa kwenye bahasha ya kadi, pamoja na nywila ya intaneti na saa za kifungua kinywa, na kijana akaionyesha kwa kidole. Mbeba mizigo akamsindikiza hadi mlangoni na kuijaribu kadi mbele yake. Kadi mbovu ikigunduliwa pale, kosa hurekebishwa na mguu wa mfanyakazi. Isipogunduliwa, mama hushuka tena kwa lifti, na kila tulichookoa kaunta hupotea.

Katika daftari la makabidhiano kijana aliandika mawili kwa zamu ya asubuhi: amana, na PIN ya KRA, yaani namba yake ya mlipakodi. La pili halikuwa la usiku, lakini lisingoje hadi dakika ya kuondoka, kwa sababu mfanyabiashara huhitaji ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kodi, yenye PIN yake, na ikishatolewa bila PIN hiyo, hairekebishwi kwa kufuta. Hutolewa hati ya kuitangua na kuandikwa nyingine, huku teksi ikimngoja nje.